Mkaa kwenye kipande: kumwandika Babu akiwa na miaka sita

Babu yangu alizaliwa kwenye kambi ya manamba upande wa Muheza, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia. Baba yake alitoka Kigoma, akaletwa Tanga kukata mkonge. Kuna kisa kimoja cha utoto wake ambacho ukoo mzima tunakijua: alikichora mkaa kipande cha baba yake, yaani kadi yake ya siku za kazi, na baba yake akakosa mshahara. Kisa chenyewe ni kifupi. Lakini Babu akikianza huchukua jioni nzima, maana lazima aanze na Hindorf, yule Mjerumani aliyeagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikatoka miche 1,000, Tanga ikafika hai 62. Kisha apite SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyokusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Kisha 1967, mashamba mengi yalipotaifishwa. Kisha nyuzi za plastiki zilivyoua bei. Hapo ndipo anarudi kwenye mkaa, na wajukuu nusu wameshalala.

Nilitaka kukiandika kwa ajili ya watoto wetu, na nilitaka msimulizi awe yeye mwenyewe. Ila si huyu wa leo anayekaa Makorora na redio yake. Nilimtaka yule wa miaka sita. Nikamrekodi kwenye simu, nikaandika neno kwa neno alivyosema, na kazi ikaanzia hapo. Pale kwenye kiini cha kisa alisema hivi:

“Siku ile mzee hakumaliza kazi aliyopangiwa, maana shamba lile lilikuwa limechoka, majani mafupi. Nyapara akakataa kumwandikia siku. Na mshahara haulipwi mpaka kipande kijae, kwa hiyo ilikuwa dhuluma ya wazi. Mimi kwa utoto wangu nikadhani nikimchorea mstari nitamsaidia.”

Kwa asiyejua: kipande kilikuwa kadi yenye vyumba 30. Kila siku uliyomaliza kazi yako ilitiwa alama kwenye chumba kimoja, na vyumba vikijaa ndipo unapolipwa. Siku ambayo hukumaliza, hata kama umekata tangu alfajiri, chumba kinabaki kitupu. Ndiyo maana vyumba 30 viliweza kuchukua wiki sita.

Ukiyatazama maneno ya Babu, magumu si mengi. “Dhuluma” ndilo zito, na unaweza kuliondoa kwa sekunde. Ugumu uko kwingine. Sentensi zote nne zinasemwa na mtu anayejua kisa kitaishaje. “Kwa utoto wangu” ni maneno ambayo mtoto hawezi kuyasema, kwa sababu mtoto hajui kwamba ana utoto. “Nikadhani” vilevile: anayedhani hajijui kuwa anadhani, yeye anajua kabisa. Na ile “maana shamba lilikuwa limechoka” ni habari ambayo mtoto wa miaka sita, aliyebaki kambini na mama, asingeipata popote.

Kwa hiyo kila sentensi niliiuliza swali moja tu: nani alikwambia? Kama aliona kwa macho yake, inabaki. Kama alisikia wakubwa wakisema, inabaki vilevile alivyoisikia, hata kama hakuielewa. Kama iliuma au iliwasha mwilini, inabaki bila mjadala. Kama alibuni mwenyewe, hiyo ndiyo dhahabu. Iliyobaki, yaani yote aliyoyasoma au kuyaelewa akiwa mtu mzima, inatoka hata kama ni kweli. Hindorf akatoka. SILABU ikatoka. Babu aliponiuliza, “Mke wangu, kwani historia yangu imekukosea nini?” nilimwambia itapata nafasi yake pengine, akaguna.

Kilichobaki baada ya kuchuja kilikuwa kichache kuliko nilivyotarajia, na hakikutosha kusimulia kisa. Ikabidi nirudi kwake na maswali ya aina nyingine. Sikumuuliza tena nini kilitokea. Nilimuuliza: Kipande kilikaa wapi ndani ya nyumba? Ulikifikiaje? Baba akirudi, kitu cha kwanza kunusa kilikuwa nini? Mtu mzima ukimuuliza “ulijisikiaje” anakupa maneno ya mtu mzima, huzuni, uchungu, manyanyaso. Ukimuuliza kilikaa wapi, anafumba macho na kunyoosha mkono. Babu alinyoosha mkono juu kidogo ya kichwa chake akiwa amekaa, akasema: “Ndani ya mkebe, kwenye boriti, pembeni ya koroboi.” Halafu akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema katika miaka yote: alipanda juu ya tita la kuni kukifikia, na kuni zikamchubua goti.

Kwa maswali ya namna hiyo nilipata pia jinsi mtoto yule alivyokuwa akifikiri. Wakataji walifunga majani kwa matita ya majani 30. Baba yake alikuwa akihesabu kwa sauti hata akiwa usingizini, na siku zote aliishia thelathini. Vyumba vya kipande navyo thelathini. Basi mtoto akahitimisha, na hapa namnukuu jinsi nilivyoandika:

“Namba ya mwisho ni thelathini. Baba amenionyesha. Ukifika thelathini, namba zinakuwa zimekwisha, unaanza tena moja. Baba anazijua zote.”

Mantiki yake haina kosa hata moja. Ushahidi wote aliokuwa nao ulisema hivyo. Hilo ndilo nililojifunza kulitafuta: mtoto wa kuandikwa hafikiri ovyo ovyo ili tumcheke. Anafikiri vizuri sana kwa vitu vichache alivyonavyo. Ukimfanya aseme upuuzi usio na mzizi, msomaji ananusa mara moja kwamba ni mtu mzima anayejifanya mtoto.

Kuna mazoea mengine ya kujifanya mtoto ambayo Kiswahili chetu kinatuvuta kuyafanya. La kwanza ni kupachika ki- kila mahali: kijumba, kijiti, kimlango. Mtoto haoni vitu vidogo. Chumba kile cha kambini, ambacho Babu leo anakiita kibanda, kwake kilikuwa nyumba, na boriti ilikuwa juu sana. Udogo anauona aliyekua. Nilipoondoa ki- zote, hadithi ikapanda kimo. La pili ni kumfanya mtoto akosee ngeli, “mtoto kimelia”, mambo kama hayo. Mtoto wa miaka sita aliyelelewa na Kiswahili hakosei ngeli, na kambi zile zilikuwa na watu wa makabila mengi hata Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watoto kwenye michezo. Anachokosa si sarufi, anakosa habari.

Sarufi yake ina tabia yake lakini. Anapenda -ka-: nikaenda, nikapanda, nikachukua. Anaunga kwa “halafu” na kwa “ndiyo maana”, na “ndiyo maana” yake huunganisha vitu viwili kwa sababu tu vilifuatana. Maneno ya wakubwa asiyoyaelewa huyatanguliza na “eti”. “Kumbe” nayo anaitumia, ila kwa kitu alichokigundua palepale ndani ya kisa. Mara tu “kumbe” inapobeba kitu kilichojulikana miaka kumi baadaye, Babu mzee amechungulia dirishani. Niliikuta “kumbe” ya namna hiyo katika rasimu, “kumbe yule karani alikuwa akitafuta sababu tu”, nikaifuta ingawa ni sentensi nzuri na pengine ni kweli.

Nimegusa pia suala la kufananisha. Babu kwenye rekodi alisema nyuzi za mkonge zilizoanikwa juani karibu na korona (mashine ya kuchakata majani, si ugonjwa) zilikuwa “kama nywele za Wazungu”. Mzee mzima anafananisha. Nikamuuliza, ulipokuwa mdogo ulisema kama? Akacheka mpaka akakohoa. Hapana, aliamini kabisa. Basi ikawa:

“Mke wa meneja ana nywele nyingi. Zikifuliwa zinaanikwa kwenye kamba, kule mpaka kule. Nywele zake zinanuka. Nimemwona mara moja kwenye gari, kichwani alikuwa nazo chache tu, zile zingine zilikuwa bado hazijakauka.”

Harufu ile ni ya majimaji na makapi yanayotoka kwenye mashine baada ya jani kukwanguliwa, yakakaa juani yakachacha. Aliyewahi kupita karibu na korona anaijua bila kuelezwa, na ambaye hajapita atajua kwamba mahali pananuka. Mtoto hana wajibu wa kueleza uzalishaji. Ana wajibu wa kunusa.

Sasa nije kwenye mkaa wenyewe. Nilihitaji msomaji aelewe mambo matatu ambayo msimulizi hayaelewi: kwamba baba alinyimwa siku yake, kwamba kuchorwa kwa kipande kunahesabiwa kuwa wizi, na kwamba adhabu ni kuanza upya. Nikilieleza moja tu kati ya hayo, mtoto anakufa. Kwa hiyo kila moja lilitakiwa liwe na kitu cha kuonekana. Kunyimwa siku kukawa mgongo: baba alirudi, akakaa akiwatazamisha mgongo, hakukwangua utomvu mikononi kama siku zote ingawa unawasha. Mtoto akaenda kuangalia kipande, maana kwake furaha ya baba ilitoka mle ndani. Mistari ikiongezeka, baba anaimba. Mstari haukuongezeka leo, baba haimbi. Dawa yake mtu yeyote anaiona.

“Mama alikuwa amekwenda bombani. Nikapanda juu ya kuni, nikatoa mkebe. Vyumba vitupu vilikuwa vya mkono mmoja, hivi. Nikachukua mkaa jikoni. Nikachora mstari kwenye chumba cha leo. Ulipinda kidogo kwa sababu goti lilikuwa linauma. Nikarudisha mkebe. Halafu nikakaa nimsubiri baba aimbe.”

“Mkono mmoja” ndiyo hesabu yote ninayompa msomaji. Vidole vitano, maana yake siku 25 zilikwisha kuandikwa. Mtoto hajui kutoa tano kwenye thelathini, lakini msomaji anajua, na anapofanya hesabu hiyo mwenyewe inamuuma kuliko ningemwandikia.

Kifungu hiki nilimsomea binti wa dada yangu, naye ana miaka sita. Sikumsomea ili anisifu, wala watoto hawana adabu hiyo. Nilitaka nione atakatiza wapi. Alikatiza hapohapo: “Kwa nini hakuchora vyote vitano?” Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na watu wazima. Kama mstari mmoja unaleta wimbo, mitano si italeta zaidi? Sikuwa na jibu, na sikutaka kulitunga. Nikampigia Babu. Akashangaa kwamba naliuliza. “Zile nyingine siku zake zilikuwa bado,” alisema. “Ningeibaje siku za kesho?”

Yaani yule mtoto aliyefikishwa kwa karani kwa kosa la kughushi (kwa mgongo wa baba yake) alikuwa amejiwekea mpaka wa uaminifu. Chumba cha leo ni cha leo, baba alitoka nyumbani alfajiri, alikwenda, alirudi akinuka mkonge, basi leo imekwisha, ichorwe. Cha kesho hakigusi. Kwa mantiki hiyo karani ndiye aliyesahau, yeye kamsaidia. Nikaongeza sentensi mbili tu kwenye hadithi: “Vile vingine sikuvigusa. Siku zake hazijafika.” Kisa kizima kikasimama kwa miguu yake, na nilikuwa nakijua tangu nikiwa mdogo bila kuijua sehemu hiyo.

Kuhusu karani nilikwenda haraka. Mtoto alifuatana na baba asubuhi ile mpaka dirishani, akatoa shikamoo, haikuitikiwa. Karani alikuwa na miwani. Alilamba kidole, akakisugua kwenye mstari wa mkaa, ukatapakaa. Akasema maneno ya kazini ambayo mtoto aliyashika vipandevipande: “eti mjanja, eti polisi, eti shukuru.” Akakichana kipande. Akatoa kingine. Babu kwenye rekodi anamlaani karani huyo kwa dakika kadhaa, na ana haki yake. Lakini mtoto aliona hivi:

“Baba akapewa kipande kipya. Cheupe, hakina hata mstari mmoja. Kile cha zamani kilikuwa kimekunjika pembeni. Nikafikiri, karani amekasirika kwa sababu mstari wangu ulipinda, lakini amempa baba kizuri zaidi. Nikafurahi. Baba akanishika mkono, akaangalia vidole vyangu. Akanipeleka kwenye pipa akaninawisha, kidole kimoja kimoja. Hakuimba, alikuwa ananawisha.”

Nilijadiliana na nafsi yangu sana juu ya ile “nikafurahi”. Kuna msomaji mmoja wa familia, mjomba, aliyesema inamfanya mtoto aonekane hana moyo. Mimi naona bila ya hiyo kifungu chote kinalegea. Akihuzunika pale, ina maana ameelewa, na akishaelewa si wa miaka sita tena. Babu mwenyewe anasema alielewa akiwa tayari anavaa suruali ndefu, siku alipopewa kipande chake mwenyewe.

Tatizo la mwisho lilikuwa mwisho. Babu alitaka niandike kwamba mzee wake alikata mkonge wiki nyingine nyingi ndipo akalipwa, na kwamba siku zile 25 zilipotea bure. Ni kweli, na watoto wetu wanapaswa kuijua. Ila msimulizi wangu hana wiki na hana bure. Nikamuuliza Babu, nyumbani kilipungua nini? Unga haukupungua, akasema, kambini walipewa posho. Akafikiri. Sukari. Sukari ilinunuliwa kwa senti zile zenye tundu katikati, ambazo mama alizitunga kwenye uzi wa mkonge siku ya malipo. Uzi ule ulining’inia ukutani mtupu.

“Chai haikuwa na sukari. Nikauliza, mama akasema sukari itakuja vyumba vikijaa. Nikaenda kuhesabu. Vilikuwa vitupu mpaka namba ya mwisho. Nikamwambia mama, basi tungoje thelathini, halafu namba zinaanza tena.”

Nilimsomea Babu yote, barazani, baada ya swala ya alasiri. Alisikiliza akiwa ameinamia fimbo. Alinikosoa mahali pawili. Bomba halikuwapo, walichota kisimani, nikarekebisha palepale. Na alidai alikuwa anajua kuhesabu mpaka mia. Dada yake mkubwa, aliyekuwa ndani akikuna nazi, akapaza sauti kutoka mlangoni: “Mia ipi? Wewe ulijua thelathini tu, tukakucheka kambi nzima!” Thelathini imebaki. Kisha Babu akaniomba nimrudie tena pale pa nywele za mke wa meneja.